Kwa nini intigreta ya opampu hukimbilia reli

Chukua chipu ya 741, ile yenye miguu minane ambayo maduka mengi ya vipuri vya redio huiuza kwa bei ndogo. Ipe betri mbili za volti 9 zilizounganishwa mfululizo: chanya ya juu iende pini ya 7, hasi ya chini iende pini ya 4, na pale betri mbili zinapokutana pawe graundi. Pini ya 3 iunganishe graundi. Kwenye pini ya 2 weka rezista ya kiloomu 10, na kati ya pini ya 2 na pini ya 6 weka kapasita ya nanofaradi 100. Mwisho mwingine wa rezista nao uunganishe graundi. Maana yake hujaingiza kitu: hakuna sauti, hakuna kihisi, hakuna volti yoyote inayosubiri kupimwa.

Sasa gusisha miguu miwili ya kapasita kwa kipande cha waya ili imwage chaji yote, weka multimita kwenye pini ya 6, kisha ondoa waya. Namba itaanza kutembea. Itapita volti moja, mbili, nne, na baada ya sekunde chache itasimama karibu na volti 8, ama chanya ama hasi, na haitarudi. Shoti kapasita tena na safari itaanza upya, kuelekea upande uleule. Badilisha chipu, weka 741 nyingine ya pakiti ileile, na huenda hii ikakimbilia upande wa pili.

Mwanafunzi anayeona hivyo mara ya kwanza hufikiri chipu ni mbovu au amekosea waya. Hakuna kilichoharibika. Saketi hiyo inaitwa intigreta, na inafanya kwa uaminifu kazi iliyoundiwa. Tatizo ni kwamba imepewa kitu kidogo sana cha kujumlisha, kitu ambacho mjenzi hakujua kwamba kipo.

Kazi ya intigreta ni kujumlisha kile kinachoingia kadiri muda unavyopita. Amplifaya ya kawaida ikipewa volti moja hutoa, tuseme, volti kumi, na volti moja ikiondoka nazo kumi huondoka. Intigreta ikipewa volti moja, tokeo lake huanza kusogea kwa mwendo maalumu, na linaendelea kusogea maadamu volti hiyo ipo. Volti ikiondoka, tokeo linabaki palepale lilipofika. Linakumbuka. Fikiria pipa lililowekwa chini ya bomba: kiwango cha maji hakikuambii bomba limefunguliwa kiasi gani sasa hivi, kinakuambia ni maji kiasi gani yameingia tangu pipa lilipokuwa tupu. Na bomba linalovuja tone moja moja, ambalo hakuna aliyelijali jioni, litakuwa limefurisha pipa kufikia asubuhi.

Ndani ya saketi, mambo huenda hivi. Opampu ni amplifaya yenye mazingizo mawili, pini ya 2 na pini ya 3, na hukuza tofauti iliyopo kati yao. Ukuzaji wake ni mkubwa mno: kwa 741 ni takribani mara 200,000. Kwa hiyo tokeo likiwa na volti chache tu, tofauti kati ya pini hizo mbili huwa ndogo kiasi kwamba unaweza kuihesabu kuwa sifuri. Pini ya 3 ikiwa kwenye graundi, opampu itafanya kila iwezalo, kwa kusukuma tokeo lake kupitia kapasita, ili pini ya 2 nayo ikae kwenye sifuri. Ukiingiza volti 1 kwenye rezista ya kiloomu 10, mkondo wa milliampia 0.1 unapita humo. Pini ya 2 yenyewe karibu haipokei mkondo, hivyo mkondo wote hauna pa kwenda isipokuwa kwenye kapasita. Kapasita inajaa chaji, na ili pini ya 2 ibaki sifuri, tokeo linalazimika kushuka. Fomula yake ni hii:

```
Vout = -(1 / RC) × ∫ Vin dt
```

Kwa vipuri tulivyochagua, R mara C ni millisekunde 1. Volti 1 ikiingia, tokeo hushuka kwa mwendo wa volti 1,000 kwa sekunde. Ukiingiza wimbi la mraba linaloruka kati ya volti 1 chanya na volti 1 hasi, mara 1,000 kwa sekunde, kila nusu ya wimbi hudumu nusu millisekunde, hivyo tokeo hushuka nusu volti, kisha hupanda nusu volti, likashuka tena. Kwenye skrini ya osiloskopu wimbi la mraba limegeuka kuwa wimbi la pembetatu. Hii ndiyo kazi ambayo intigreta hufanya ndani ya jenereta nyingi za mawimbi zilizopo kwenye maabara.

Basi turudi kwenye saketi ambayo haikuingiziwa kitu. Nini kilichokuwa kinajumlishwa?

Vitu viwili. Cha kwanza ni ofseti. Transista mbili zinazopokea ishara kwenye mlango wa opampu hutengenezwa zifanane, lakini hazifanani kabisa. Kwa sababu hiyo opampu haioni usawa pale pini mbili zinapokuwa na volti sawa. Huona usawa pini moja ikiwa juu ya nyingine kwa kiasi kidogo. Kwa 741 ya kawaida kiasi hicho ni takribani millivolti 2, na waraka wa mtengenezaji unaruhusu hadi 6. Alama yake, chanya au hasi, hutegemea chipu uliyoishika, na ndiyo maana chipu mbili za pakiti moja zinaweza kukimbilia pande tofauti. Kwa saketi yetu ni kana kwamba mtu ameingiza millivolti 2 kwenye rezista na kuziacha humo. Millivolti 2 zikigawanywa kwa millisekunde 1 ni mwendo wa volti 2 kwa sekunde.

Cha pili ni mkondo wa kuingilia. Nilisema pini ya 2 karibu haipokei mkondo. Katika 741, transista za mlangoni zinahitaji mkondo kidogo ili zifanye kazi, kama nanoampia 80. Mkondo huo hauna njia nyingine ila kupitia kapasita, maana opampu imeishikilia pini ya 2 karibu na sifuri na rezista haibebi zaidi ya ule wa ofseti. Nanoampia 80 kwenye kapasita ya nanofaradi 100 ni volti 0.8 kwa sekunde.

Vyanzo hivi viwili vikisukuma upande mmoja, tokeo linatembea kwa volti 2.8 kila sekunde, na volti 8 zinafikiwa kabla ya sekunde 3 kwisha. Vikipingana, mwendo ni volti 1.2 kwa sekunde, na safari huchukua karibu sekunde 7. Hapo tokeo linagonga reli. Reli ni ukomo ambao umeme wa sapulai unaiwekea opampu: yenye betri za volti 9 juu na chini haiwezi kutoa volti 9 kamili, 741 hubakiza takribani volti moja kila upande, kwa hiyo hukwama karibu na 8.

Kuna njia ya pili ya kuliona jambo hilihili, nayo ndiyo inayoonyesha kwa nini opampu haijiokoi. Kapasita hupitisha umeme unaobadilika na huzuia umeme uliotulia. Kwa ishara ya mara 1,000 kwa sekunde, kapasita yetu ni njia nzuri ya mrejesho: tokeo linaweza kurudisha habari kwenye pini ya 2 na kujirekebisha. Kwa ofseti, ambayo imetulia tuli, kapasita iliyojaa ni sawa na waya uliokatwa. Mrejesho haupo. Opampu isiyo na mrejesho hukuza ofseti yake yenyewe kwa ukuzaji wake wote: millivolti 2 mara 200,000 ni volti 400. Hakuna betri ya kutoa volti 400, hivyo tokeo linakwenda mpaka reli na kuganda hapo.

Je, ukiwa na ishara halisi, utajuaje kwamba hiki ndicho kinachokusumbua? Ingiza lile wimbi la mraba na utazame osiloskopu, swichi yake ikiwa upande wa kuonyesha umeme uliotulia pia. Utaona pembetatu safi inayosafiri nzima nzima kuelekea juu au chini, bila kubadilika umbo, mpaka inaposhikana na reli. Hapo ncha zake za upande wa reli zinakatika bapa. Saketi ikikaa hivyo, pembetatu haitoweki. Inabaki imebanwa kwenye reli, kila ncha ikiwa imekatwa kidogo. Swichi ya osiloskopu ikiwa upande unaozuia umeme uliotulia, utaona zile ncha bapa tu bila kujua zimetoka wapi, na wengi hupoteza muda wakilaumu jenereta.

Ukitaka kujua ni ofseti au mkondo wa kuingilia unaokuongoza, rudisha ingizo kwenye graundi na ubadilishe rezista ya kiloomu 10 kwa ya kiloomu 20. Sehemu ya mwendo inayotokana na ofseti itapungua nusu, kwa kuwa millivolti zilezile sasa zinapita kwenye rezista kubwa maradufu. Sehemu ya mkondo wa kuingilia haitabadilika hata kidogo. Jibu hilo lina faida ya moja kwa moja. Kama mkondo ndio mkosaji, badilisha 741 kwa TL071, ambayo transista za mlangoni ni za aina ya jefeti na mkondo wake ni pikoampia 65 hivi, zaidi ya mara elfu moja chini ya ule wa 741. Kama ofseti ndiyo mkosaji, TL071 haitakusaidia, maana ofseti yake ni takribani millivolti 3. Hapo unahitaji chipu kama OP07, ambayo ofseti yake huhesabiwa kwa makumi ya mikrovolti. Lakini hata OP07 itafika kwenye reli. Itachelewa tu. Chipu bora hununua muda, haiondoi tatizo.

Dawa inayofundishwa kwanza shuleni ni rezista ya mrejesho: rezista moja zaidi, kubwa, iliyowekwa sambamba na kapasita kati ya pini ya 2 na pini ya 6. Weka megaomu 1. Sasa umeme uliotulia una njia ya kurudi. Kwa umeme huo saketi si intigreta tena, ni amplifaya ya kawaida ambayo ukuzaji wake ni megaomu 1 kugawanya kwa kiloomu 10, yaani mara 100, badala ya mara 200,000. Tokeo litatembea kama zamani, lakini kadiri linavyopanda, rezista mpya huvuta chaji kutoka kwenye kapasita kwa nguvu zaidi, mpaka kinachoingia na kinachovuja vilingane. Ofseti ya millivolti 2 inatulia ikiwa imezaa takribani volti 0.2, na nanoampia 80 zikipita kwenye megaomu 1 huzaa volti 0.08. Jumla ni volti 0.28. Pembetatu yetu ya nusu volti inakaa karibu na katikati, mbali na reli, na itakaa hapo kutwa nzima.

Lakini rezista hiyo haikuja bure, na hapa ndipo wengi huishia kuinakili kutoka kwenye mchoro bila kuipima. Intigreta iliyo na rezista ya mrejesho husahau. Muda wa kusahau kwake ni megaomu 1 mara nanofaradi 100, yaani sekunde 0.1. Chochote kilichoingia zamani zaidi ya hapo kimekwisha kuvuja. Ijaribu kwa kuingiza millivolti 10 zilizotulia. Intigreta kamili ingetembea volti 10 kwa sekunde bila kusita. Hii ya kwetu inaanza kwa mwendo huohuo, kisha mstari unapinda, unalegea, na baada ya nusu sekunde hivi umelala kwenye volti 1. Haijumlishi tena.

Mpaka kati ya kujumlisha na kukuza tu unaweza kuhesabiwa:

```
f = 1 / (2π × Rf × C)
```

Kwa vipuri vyetu ni hezi 1.6. Kanuni ya mafundi ni kukaa angalau mara kumi juu ya mpaka huo, hivyo ishara za hezi 16 kwenda juu zitajumlishwa vizuri, na wimbi letu la hezi 1,000 halitahisi kitu. Ukipunguza rezista ya mrejesho iwe kiloomu 100, volti 0.28 za makosa zinashuka hadi kama 0.03, lakini mpaka unapanda hadi hezi 16. Ukiikuza hadi megaomu 10, mpaka unashuka hadi hezi 0.16, lakini makosa yanafika volti 2.8 na reli imeanza kukaribia tena. Hakuna thamani iliyo sahihi kwa kila kazi. Kuna ile inayotosha kwa ishara ya chini kabisa unayotaka kuijumlisha.

Kumbuka pia kwamba ukuzaji wa mara 100 haubagui. Jenereta ya wimbi ikiwa na millivolti 10 zilizotulia chini ya wimbi lake, nazo zinakuwa volti 1 kwenye tokeo. Na wimbi la mraba lisilo sawa, lenye asilimia 51 juu na 49 chini, lina wastani wa millivolti 20, ambao unatosha kuisogeza pembetatu volti 2 kutoka katikati. Pembetatu ikikaa pembeni ingawa rezista ya mrejesho ipo, tazama chanzo cha wimbi kabla ya kuilaumu chipu.

Rezista hii inafaa kabisa mahali ambapo ishara inabadilika daima na kilichotulia hakina maana. Mfano mmoja ni koili ya Rogowski, koili isiyo na chuma ndani yake inayozungushwa kwenye waya mnene ili kupima mkondo mkubwa bila kuukata. Koili hiyo hutoa volti kulingana na kasi ya mabadiliko ya mkondo, siyo mkondo wenyewe, na ni lazima ijumlishwe ili mkondo urudi katika umbo lake. Umeme wa gridi unabadilika mara 50 kwa sekunde. Intigreta yenye mpaka chini ya hezi 5 inatosha. Bei yake ni kwamba kifaa hicho hakiwezi kupima mkondo uliotulia wa betri au wa paneli ya sola.

Ipo kazi nyingine ambayo kusahau ni kosa, na humo dawa ni tofauti: unaiacha intigreta bila rezista, lakini unairudisha sifuri kabla haijafika mbali. Hivyo ndivyo zilivyofanya kazi kompyuta za analogi, ambazo ndizo chimbuko la opampu. Jina lenyewe lilichapishwa mwaka 1947 katika makala ya John Ragazzini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya George Philbrick ilianza kuuza K2-W, opampu ya vali mbili za vakyumu iliyochomekwa kama taa. Mhandisi aliyetaka kujua jinsi springi ya gari itakavyotikisika aliunganisha intigreta moja kutoka kwenye mchapuko kwenda kwenye kasi, na nyingine kutoka kwenye kasi kwenda kwenye umbali. Swichi iliweka kila kapasita kwenye volti yake ya kuanzia, kisha ikaachia, hesabu ikakimbia kwa muda mfupi na kuchorwa kwenye karatasi, kisha swichi ikafuta kila kitu. Kusogea kwa tokeo kulikuwapo, ila hakukupewa nafasi ya kukua.

Mfano ulio hai wa njia hiyo huenda uko mfukoni mwa fundi aliye jirani nawe. Multimita nyingi za bei nafuu zimejengwa juu ya chipu ya ICL7106 au ndugu zake, mara nyingi ikiwa imefunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu juu ya bodi. Moyo wake ni intigreta. Tuseme unapima betri ya volti 1.5 kwenye rangi ya volti 2. Rezista za ndani zinaigawa kwa kumi, zinabaki millivolti 150. Chipu inaiachia intigreta ijumlishe millivolti hizo kwa muda wa mapigo 1,000 ya saa yake ya ndani. Kisha inaondoa betri na kuingiza volti ya rejea ya millivolti 100 yenye alama ya kinyume, na inahesabu ni mapigo mangapi yatapita hadi tokeo lirudi sifuri. Kilichopandishwa na 150 kwa mapigo 1,000 kitashushwa na 100 kwa mapigo 1,500. Ndiyo namba inayoonekana: 1.500.

Angalia kilichotokea hapo. Rezista na kapasita zilezile zimetumika kupanda na kushuka, hivyo kama kapasita imezidi au imepungua asilimia tano, kosa linajifuta lenyewe. Ofseti ya opampu nayo hupimwa kabla ya kila kipimo, wakati ingizo limefungwa ndani ya chipu. Huhifadhiwa kwenye kapasita nyingine na kutolewa kwenye hesabu. Na saa ikipangwa kwa kilohezi 40, mapigo yale 1,000 huchukua sekunde 0.1 kamili, ambazo ni mizunguko mitano mizima ya umeme wa gridi wa hezi 50. Mvumo wa gridi unaodandia kwenye nyaya za kupimia hupanda na kushuka mara tano na jumla yake ni sifuri. Ndiyo maana kifaa cha bei ya chini husoma kwa utulivu karibu na taa na mota. Mzunguko mzima ni mapigo 4,000, hivyo namba hubadilika mara mbili na nusu kwa sekunde, mwendo ule wa polepole unaoujua.

Udhaifu unaobaki ni wa kapasita yenyewe. Waraka wa chipu hii unashauri polipropilini, kwa sababu kapasita za aina duni hubakiza sehemu ya chaji ndani ya plastiki yake na kuiachia baadaye, na hapo kupanda na kushuka hakulingani tena. Dalili yake ni rahisi kuiona: pima betri, geuza nyaya, upime tena. Namba mbili zikipishana zaidi ya tarakimu moja ya mwisho, intigreta haijumlishi sawasawa pande zote mbili.

Njia ya tatu inashangaza zaidi: intigreta inaachwa wazi, bila rezista na bila swichi, na bado haikimbilii reli, kwa sababu mashine inayoizunguka ndiyo inayoirudisha. Fikiria mashine ya kutotolesha vifaranga inayotakiwa kukaa nyuzi 37.5. Kihisi cha LM35 hutoa millivolti 10 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kinatakiwa kusoma millivolti 375. Intigreta hujumlisha tofauti kati ya 375 na kinachosomwa, na tokeo lake huendesha hita. Tofauti ikiwapo, nguvu ya hita inaendelea kubadilishwa; tofauti ikiisha, tokeo linasimama pale lilipo na hita inabaki na nguvu inayohitajika. Ofseti ya millivolti 2 itaanza kulisukuma tokeo, joto litabadilika, kihisi kitaona, na mambo yatatulia pale joto litakapokuwa limepotoka kwa nyuzi 0.2. Hilo ndilo kosa lote.

Sasa weka rezista ya mrejesho humo, ile ya ukuzaji wa mara 100. Tuseme hita inahitaji volti 5 ili kushikilia joto usiku wa baridi. Ili tokeo lishike volti 5 huku likivuja, lazima ingizo liwe na millivolti 50 muda wote. Millivolti 50 ni nyuzi 5. Mashine itatulia kwenye nyuzi 32.5 na mayai hayatatotoka. Rezista iliyookoa pembetatu imeua vifaranga.

Njia hii nayo ina hatari yake. Mlango wa mashine ukiachwa wazi kwa muda mrefu, joto halifiki 37.5, intigreta inaendelea kujumlisha na inaishia kwenye reli. Mlango ukifungwa, joto linapanda, linapita 37.5, lakini hita haizimiki mpaka intigreta iteremke kutoka reli. Joto linazidi kupita kiasi, na huenda mayai yakaiva. Wajenzi huzuia hilo kwa diodi za zena zilizowekwa sambamba na kapasita, ambazo haziruhusu tokeo kupita kiwango ambacho hita inakihitaji.

Kwa hiyo ukikutana na intigreta isiyo na rezista ya mrejesho, usiharakishe kuiongezea, na ukikutana na yenye rezista hiyo usiharakishe kuiondoa. Uliza kwanza saketi inatakiwa kukumbuka kwa muda gani, na nani anaisahaulisha: rezista, swichi, au mashine inayoizunguka. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu, tokeo litakwenda kwenye reli, iwe kwa sekunde tatu au kwa saa tatu, na hakuna chipu sokoni itakayolizuia.